Mnamjua yule wa kupanga A hadi Z: leo amenibandikia 3,600,000 zisizo zangu, halafu ananiuliza mimi!

Kalamu Nyekundu

Wakuu, nina hasira mpaka kibodi inalia. Mtanivumilia.

Mnamjua huyu mtu, kila ofisi anaye. Akiona shiti haijapangwa kwa alfabeti anawashwa mwili mzima. Leo mbele ya bosi, mfadhili yuko hewani anasikia, ananyoosha kidole kwenye skrini: "Si jina lako hilo hapo?" SI JINA LAKO HILO HAPO!

Ripoti ya robo ya Julai hadi Septemba, iko Google Sheets, tunaiandika watu wengi. Ndani yake kuna shiti ya MABADILIKO yenye kolamu sita: muda, nani, seli, kiasi cha zamani, kiasi kipya, sababu. Ukigusa kiasi chochote kwenye RIPOTI unaandika mstari mmoja kule. Basi.

Seli D14, usafiri na posho za semina. Vocha ziko tatu: 2,100,000, 1,650,000 na 1,100,000. Jumlisha hata kwa vidole, ni 4,850,000, na leja inasema hivyo hivyo. Sasa ripoti inasoma 8,450,000. Jumla kuu imeruka kutoka 61,320,000 hadi 64,920,000, haikai tena na urari. Na kwenye MABADILIKO, mstari wa 38, saa 5:47 usiku, sababu "rekebisho dogo", kolamu ya nani: jina langu!

Milioni tatu na laki sita, rekebisho dogo!

Mnajua kilichotokea? Bwana Alfabeti alichagua kolamu B peke yake, akabofya `Sort range`, A to Z. Google Sheets haikumuuliza chochote. Majina yakajipanga, muda, seli na viasi vikabaki palepale. Kila mtu sasa amebeba mabadiliko ya mwenzake. Kuna dada yuko likizo ya uzazi, shiti inasema wiki iliyopita kabadilisha mafuta ya jenereta! Halafu aliyevuruga ndiye anayesimama kuuliza si jina lako hilo hapo. Mbele ya mfadhili!

Mchonga Penseli

Pole mkuu. Ila sababu "rekebisho dogo" inanichekesha sana. Huyo akiungua nyumba ataandika "moshi kidogo".

Dogo Fomula

Sasa shida iko wapi? Hiyo shiti ya kuandika kwa mkono futeni kabisa. Bofya kitufe cha kulia kwenye D14, chagua `Show edit history`, utaona nani, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi. Google anaandika mwenyewe, na hakuna wa kumpangia A to Z. Kesi imeisha.

Mzee wa Urari

@Dogo Fomula nusu yake ni kweli, na kwa D14 itamsaidia leo hii hii. Lakini usimwambie afute shiti. Historia ya seli haioneshi mstari ulioongezwa au kufutwa, wala haioneshi kiasi kilichobadilika kwa sababu fomula imehesabu upya. Chukua D31, jumla kuu. Imeongezeka 3,600,000 lakini ukiuliza historia yake haitakwambia kitu, maana hakuna aliyeigusa. Na mtu akipakua faili kama xlsx au akifanya `Make a copy`, historia inabaki kwenye faili la kwanza, nakala inaanza na karatasi nyeupe. Zaidi ya yote, Google hajui sababu. Sababu ndiyo mkaguzi anayoitaka, pamoja na namba ya vocha.

@Kalamu Nyekundu, usijaribu kupanga upya majina kwa kukumbuka. Nenda `File`, `Version history`, `See version history`, tafuta toleo la kabla ya kupangwa. Usibonyeze `Restore`! Hiyo inarudisha faili zima, na kazi zote za wengine kwenye RIPOTI zitarudi nyuma nayo. Kwenye vitone vitatu vya toleo hilo chagua kulifanyia nakala, kisha kutoka kwenye nakala chukua kolamu B tu uirudishe mahali pake, mpaka mstari uliokuwepo siku ile. Mistari iliyoandikwa baada ya kupangwa ina majina sahihi, usiiguse.

Na dalili ya ushahidi ni hii, piga picha kabla hujasahihisha: kolamu A muda unapanda vizuri kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na kolamu B majina nayo yanapanda A hadi Z kama daftari la mahudhurio. Watu hawafanyi kazi kwa alfabeti. Hakuna bosi atakayebisha hapo.

Kalamu Nyekundu

Mzee, ubarikiwe. Nimefungua historia ya D14. Aliyebadilisha ni akaunti ya "fedha". AKAUNTI YA FEDHA, ambayo wanaingia watu wanne na paswedi imebandikwa ukutani! Angalau si mimi. Lakini mfadhili keshasikia "si jina lako hilo hapo", nitamfuta vipi masikio?

Mama Vocha

Mdogo wangu, hizo namba ziangalie tena. 4,850,000 na 8,450,000 ni tarakimu zilezile, 4 na 8 zimebadilishana viti. Tofauti ni 3,600,000, gawanya kwa 9 unapata 400,000 kamili bila baki. Tofauti ikigawanyika kwa 9, kitu cha kwanza kutafuta ni tarakimu zilizopishana. Inawezekana hakuna mwizi hapo, kuna mtu aliyekuwa anasinzia.

Mchonga Penseli

Saa 5:47 usiku hata mimi naandika jina langu kinyumenyume.

Mzee wa Urari

Mama Vocha kasema vizuri, ila ni dalili, si uthibitisho. Mtu mwenye nia mbaya naye anaweza kupishanisha tarakimu akijua atasamehewa kwa usingizi. Na tazama bajeti ya mstari huo.

Kalamu Nyekundu

Bajeti ni 9,000,000. Kabla tulikuwa tumetumia asilimia 53.9, sasa inasoma 93.9. Ndiyo maana haikuwaka nyekundu! Tumeweka iwake ikipita 100 tu.

Mzee wa Urari

Ndiyo hivyo. Rangi inakamata kinachozidi bajeti, haikamati kinachotofautiana na leja. Weka seli moja ya ulinganisho chini ya ripoti: jumla ya ripoti kutoa jumla ya matumizi hayohayo kwenye urari, jibu liwe sifuri. Ingekuwepo, asubuhi ingesoma 3,600,000 na mngeiona kabla ya kikao.

Dogo Fomula

Basi fungeni shiti ya MABADILIKO kwa `Protect sheet`, muwekee skripti ya onEdit ijiandikie yenyewe. Hakuna atakayeigusa.

Mzee wa Urari

Hapo ndipo wengi wanaponasa. `onEdit` ya kawaida inakimbia kwa mamlaka ya yule anayehariri. Ukiifunga shiti asiiguse, na skripti inakataliwa pamoja naye. Haioneshi kelele yoyote kwenye skrini, mnakuja kugundua mwisho wa mwezi kwamba logi ni tupu. Ipe jina jingine, kisha isajili upande wa `Triggers` kama ya kusakinishwa: `Add Trigger`, `From spreadsheet`, `On edit`. Hiyo inakimbia kwa mamlaka ya aliyeisajili.

```
function andikaBadiliko(e) {
  var r = e.range;
  if (r.getSheet().getName() !== 'RIPOTI') return;
  var zamani = e.oldValue === undefined ? 'HAIJULIKANI' : e.oldValue;
  e.source.getSheetByName('MABADILIKO').appendRow([
    new Date(), e.user ? e.user.getEmail() : '',
    r.getA1Notation(), zamani, r.getValue()
  ]);
}
```

Kolamu ya sita, sababu, inabaki ya kuandikwa na mtu. Kwa hiyo unafunga kolamu A hadi E, F unaiacha wazi.

Mambo mawili yatakuumiza. Mtu akibandika viasi vingi kwa mpigo, tuseme D14 hadi D22, utaona anwani ya eneo lakini kiasi cha zamani hakipatikani, na kipya kitakachoandikwa ni cha seli ya kwanza tu. Hapo ndipo neno HAIJULIKANI litatokea, hata pale seli ilipokuwa tupu kabla, na kila likitokea mkaguzi afungue historia ya toleo. La pili, barua pepe ya mhariri inaweza kuja tupu kama watu wanatumia akaunti zao binafsi badala ya akaunti za taasisi moja.

Na asajili nani? Asiwe mwandaaji wa ripoti. Aliyesajili lazima aweze kuandika kwenye shiti iliyofungwa, maana yake anaweza pia kuifuta. Mpe mkaguzi wa ndani.

Mama Vocha

Mzee, skripti yako nzuri lakini akaunti ya fedha ni ileile ya watu wanne. Itaandika "fedha" mara elfu. Bila kila mtu kuingia kwa akaunti yake hapo hamna kitu.

Mzee wa Urari

Sipingi.

Kibubu

Nyie mna bahati mna Google. Chama chetu cha akiba na mikopo ripoti inatembea na flashi. Faili linaitwa RIPOTI_MWISHO, halafu RIPOTI_MWISHO_KWELI, halafu RIPOTI_MWISHO_KWELI_YA_MHASIBU. Mabadiliko tunayajua kwa kuangalia nani kanuna.

Pwani Moja

Kibubu, heri nanyi mwanuna. Huku kwetu Mombasa twatumia Excel ya mtandaoni, kuna `Show Changes` kwenye `Review`, yaonesha nani kabadilisha nini. Juzi mkaguzi ataka mabadiliko ya robo iliyopita, kufungua hamna, yahifadhi siku 60 pekee! Hakuna aliyetuambia. Kisha lawama zote kwa mhasibu.

Dogo Fomula

Siku 60 si zinatosha kama mnafunga mwezi kwa wakati?

Pwani Moja

Kufunga mwezi kwa wakati? Ndugu yangu, watu hawajarejesha masurufu ya Machi.

Mtaa wa Risiti

Mimi naona tatizo hapa ni risiti. Hizo posho za semina zina risiti za EFD? Kama hazina, hata mkijua nani kabadilisha, mkaguzi atazikataa.

Mama Vocha

Posho inasainiwa kwenye orodha ya malipo, haitolewi risiti ya EFD. Usichanganye. Nauli ya gari la kukodi, hiyo sawa.

Kalamu Nyekundu

Jamani, uzi unahusu D14. Bwana Alfabeti bado hajaniomba radhi. Nimemtumia picha ya kolamu A na B, amejibu "ila sasa majina yanatafutika kirahisi". YANATAFUTIKA KIRAHISI! Na kati ya wale wanne wa akaunti ya fedha hakuna anayekumbuka saa 5:47 usiku alikuwa wapi.

Kibubu

@Pwani Moja masurufu ya Machi ni madogo. Sisi mwenyekiti ana ya mwaka jana, alienda nayo kwenye maonesho ya Nanenane.

Pwani Moja

Na mwamkata kwenye mshahara au mwamwachia?

Kibubu

Mwenyekiti hana mshahara, anakula posho. Na posho anaidhinisha mwenyewe.

Mtaa wa Risiti

Posho ya kikao ni shilingi ngapi huko kwenu?