Nataka tamthilia ya kumaliza safari moja: miniserizi, limitedi, sizoni au "arc"? Naomba mwongozo

Kijana_wa_Kirumba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Ijumaa napanda meli kwenda Nansio, Jumapili narudi Mwanza. Nina laptopu na flashi ya GB 32. Natafuta kitu kinachoanza na kuisha kabisa, nisibaki nimening'inia. Kwenye kibanda cha muvi nikiuliza "hii inaisha?" jibu ni lile lile: "Sizoni kali hiyo, chukua." Nimeshachukua mara mbili, faili la mwisho mtu kanyoosha bastola, picha inakata.

Mtandaoni naona pengine pameandikwa Miniseries, pengine Limited Series, pengine Season 1. Halafu kwenye kundi letu kuna jamaa anasema tusihesabu sizoni, tuangalie "arc". Kwa mtu anayechagua cha kuangalia, haya maneno yananisaidia nini? Na Money Heist niikate wapi? Nasikia ina Part tano.

Sangara_Mbichi

Rahisi hiyo mkuu. Hesabu episodi. Zikiwa chini ya 10 ni miniserizi, inaisha. Zikizidi 10 ni sizoni, jiandae kununua nyingine.

Mama_Tamthilia

Mwanangu, hizo za Kizungu utapata nazo shida bure. Chukua za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Mimi niko ya 140 na bado inanoga.

Kijana_wa_Kirumba

Shikamoo mama. Shida yangu ni siku tatu tu, hiyo ya 140 nitaimalizia uzeeni 😂

Mama_Tamthilia

Marahaba. Basi niambieni na mimi, hiyo 140 ni sizoni ya ngapi? Maana kwenye runinga hawasemi.

Rimoti_ya_Nyakato

Nianze na kosa linalowaumiza wengi hapa kwetu. Sisi tukisema "sizoni" tunamaanisha tamthilia yoyote ya nje, nzima nzima. Mwenye kibanda akisema "sizoni kali" hajakudanganya, anakwambia tu kwamba siyo muvi. Lakini kwa watengenezaji, sizoni ni fungu moja la episodi linalotoka pamoja, kisha kamera zinazimwa na watu wanasubiri kama kutakuwa na fungu jingine. Sizoni inahesabu mafungu ya kutoka. Haikuhakikishii kwamba kisa kimefungwa.

Ndiyo maana kanuni ya Sangara inakwama. Chukua Squid Game. Sizoni ya kwanza, 2021, ina episodi 9, na mchezo ulioanza unamalizika humo humo. Ya pili, mwishoni mwa 2024, ina 7, na inakatika mchezo ukiwa katikati. Ya tatu, 2025, ina 6, na inaendelea pale pale ya pili ilipoishia. Kwa kanuni ya "chini ya 10" zote tatu ni miniserizi. Mtu akichukua hiyo ya 6 peke yake akidhani kapata fupi, anaingia mchezoni watu wameshauana nusu.

Mkondo wa kisa, hiyo "arc" ya rafiki yako, ndiyo unayoitafuta. Ni swali moja linalofunguliwa na baadaye linajibiwa: watatoka au hawatatoka, nani kaua, pesa zitapatikana au hazitapatikana. Mkondo unaweza kuwa episodi tatu ndani ya sizoni, unaweza kuwa sizoni nzima, unaweza kuvuka sizoni mbili. Mahali salama pa kusimama ni pale swali kubwa linapojibiwa, hata kama folda bado ina mafaili.

Mama, hizo za Kituruki kwao zinarushwa kuanzia karibu Septemba hadi Juni, na hiyo ndiyo sizoni moja. Episodi moja ya kwao inapita saa mbili, zikiuzwa nje hukatwa vipande. Kwa hiyo 140 yako ni namba ya vipande, haikuambii sizoni.

Sangara_Mbichi

Sawa, nimekubali kwa Squid Game. Ila kwenye miniserizi sijakosea, ni fupi na inaisha. Na limitedi ni hiyo hiyo kwa jina la kisasa.

Rimoti_ya_Nyakato

Hapo uko karibu kabisa. Miniserizi ni kazi iliyoandikwa tangu mwanzo iwe na mwisho. Chernobyl ya 2019 ni mfano safi: episodi 5, kila moja saa moja na kidogo, hakuna ya pili. Roots ya 1977 ilirushwa usiku nane mfululizo. Urefu siyo kigezo, kigezo ni kwamba mwandishi alijua mwisho kabla ya kuanza.

Limited Series limeingia baadaye kwa maana ile ile, na tuzo za Emmy zilibadili jina la kundi lao kutoka miniserizi kwenda hilo mwaka 2015. Tatizo ni kwamba hiyo lebo ni ahadi ya siku ya kuuza tu. Big Little Lies ilichukua tuzo ya limitedi 2017 ikiwa na episodi 7. Ikapendwa, 2019 ikarudi na sizoni ya pili. Shogun ya 2024 ilitangazwa kama limitedi ya episodi 10, ikapata watazamaji, zikatangazwa sizoni nyingine, na kwenye tuzo ikahamia kundi la drama.

Kwako wewe hilo halina madhara. Zile 10 za Shogun zimemaliza kitabu ambacho kisa chake kimetokana nacho. Ukisimama hapo umeshiba.

Binti_Igoma

Siafiki kwamba ni kitu kimoja. Kwa matumizi ya sasa miniserizi ikirudi watu wanaona ajabu, limitedi ikirudi hakuna anayeshangaa. Neno limeachiwa mlango.

Rimoti_ya_Nyakato

Dada, mlango wameuacha wauzaji, siyo neno.

Binti_Igoma

Matokeo kwa mtazamaji ni yale yale. Tuliache hilo. Kuna aina moja mmeisahau: zile ambazo kila sizoni ni kisa kipya. The White Lotus, sizoni ya kwanza ni hoteli ya Hawaii, ya pili Sisilia, ya tatu Thailand. Kuna mhusika mmoja mmoja anayevuka, lakini unaweza kuanza na yoyote ukaelewa. True Detective nayo hivyo hivyo, ile ya 2014 ina episodi 8 na kesi inafungwa. Hapo imeandikwa Season 1 kubwa kabisa na bado ni salama kwa safari. Usiikimbie sizoni kwa sababu ya jina tu.

Fundi_Antena

Prison Break ndiyo dawa. Sizoni ya kwanza episodi 22, gereza moja, ukuta mmoja, wanatoka, mwisho.

Binti_Igoma

Siyo mwisho kaka. Swali la ukuta linajibiwa episodi ya 21. Ya 22 ni mbio, na inakatika wakiwa mbioni. Mkondo mmoja umefungwa, mwingine umefunguliwa kwa makusudi ili urudi. Huo ndio mtego wa sizoni ndefu za zamani: ya mwisho kabisa kwenye fungu ni chambo cha fungu linalofuata. Kijana akiangalia zote 22 atabaki hewani. Akisimama ya 21 atakuwa na jibu.

Sangara_Mbichi

Asante kwa kutusimulia 🙄

Binti_Igoma

Ya 2005 hiyo jamani.

Kijana_wa_Kirumba

Nimeelewa sizoni na mkondo. Bado Money Heist.

Rimoti_ya_Nyakato

Hiyo ina kila kitu ulichouliza ndani ya kazi moja, twende polepole.

Ilianza 2017 kwenye televisheni ya Hispania, Antena 3, ikiwa imepangwa kuwa limitedi. Episodi 15, kila moja kama dakika 70, zikatolewa kwa mafungu mawili, 9 kisha 6. Kisa ni wizi mmoja kwenye kiwanda cha kuchapa noti, Madrid. Ikaisha, watu wakaenda nyumbani. Netflix ilipoichukua ilizikata upya zile 15 kuwa 22 fupi: Part 1 ina 13, Part 2 ina 9. Dunia ikaipenda, ndipo wakaandika wizi wa pili, wa benki kuu. Huo umegawanywa Part 3 yenye 8 (2019), Part 4 yenye 8 (2020) na Part 5 yenye 10 (2021).

Sasa iangalie kwa mkondo. Part tano, lakini mikondo mikubwa miwili tu. Part 1 inakatika watu wakiwa bado ndani ya jengo. Part 3 inakatika vitani. Part 4 vilevile. Sehemu za kusimama ni mbili: mwisho wa Part 2 na mwisho wa Part 5. Anayeuziwa Part 1 peke yake kauziwa nusu ya wizi, na mwenye kibanda anachaji kwa folda, kwa hiyo hana haraka ya kukwambia.

Kwa siku zako tatu, chukua Part 1 na 2 pamoja. Ni episodi 22, kama dakika 45 kila moja, jumla saa 16 na ushee. Ni nyingi kwa mtu mwenye ndugu wa kusalimia Nansio, ila zinaisha.

Fundi_Antena

Na kabla hujalipa fungua folda uhesabu. Majina ya mafaili yako hivi:

```
S01E01
S01E02
```

S ni sizoni, E ni episodi. Kisha ingia Wikipedia, lile jedwali la juu tu, usishuke chini utakuta kila kitu kimesimuliwa. Soma `No. of seasons` na `No. of episodes`. Kwenye `Release` ukiona tarehe mbili, imefungwa. Ukiona mwaka halafu `present`, bado wanaendelea. Namba ya kwenye jedwali isipolingana na mafaili, muulize jamaa zilizobaki ziko wapi.

Kijana_wa_Kirumba

Nimetoka kibandani sasa hivi. Money Heist yake S01 ina mafaili 9, S02 ina 9. Rimoti umesema 13 na 9. Amenipunja 4?

Rimoti_ya_Nyakato

Angalia urefu. Hizo 9 za S01 zina dakika ngapi?

Kijana_wa_Kirumba

70, 72, 68... Za S02 zina 45 mpaka 50.

Rimoti_ya_Nyakato

Hajakupunja, kachanganya. S01 ni toleo la Hispania, S02 ni la Netflix. Mikato haifanani, kwa hiyo kwenye kiungio unaweza kurudia tukio au kuruka kipande. Mwambie akupe toleo moja: ama 9 na 6 ndefu, ama 13 na 9 fupi. Akishindwa, achana nayo, chukua Chernobyl. Mafaili matano, saa tano na nusu hivi. Tatu wakati wa kwenda, mbili wakati wa kurudi.

Kijana_wa_Kirumba

Anazo 13 na 9, zilikuwa kwenye diski nyingine. Na Chernobyl nimeweka, endapo usingizi utanikimbia.

Mama_Tamthilia

Na ya kwangu ya 141 kama anayo mchukulie mama yako.