Frenchi presi: dakika 4 na kushindilia, au dakika 10 bila kushindilia?

Kikombe_Kimoja

Wadau, nina presi ya kioo ya lita moja. Boksi limeandikwa vikombe 8, nadhani ni vikombe vya watoto. Kahawa ni arabika ya Mbinga, imekaangwa wastani, nasaga mwenyewe kwa kisagio cha mkono.

Nimebaki na njia mbili mezani. Njia A: mimina maji, subiri dakika 4, shindilia chujio hadi chini, mimina. Njia B: mimina maji, subiri dakika 4, vunja gamba la juu, engua povu, subiri tena dakika 5 au 6, kisha mimina bila kushindilia kabisa. Ninachotaka kukimbia ni tope. Nikitumia A, funda la mwisho ni kama maji ya mto wakati wa masika. Je, B inaondoa hilo kweli? Na dakika 10 zote hizo hazileti uchungu?

Haraka_Asubuhi

A, bila kupepesa macho. Dakika 4 ndiyo kanuni, ikizidi hapo kahawa inakuwa chungu. Halafu acha maji yapoe baada ya kuchemka, maana yanayotokota yanaunguza kahawa. Kuhusu tope, tatizo ni msago. Saga chenga nene kama chumvi ya mawe, tope litakwisha lenyewe.

Mkaanga_Kahawa

Mkuu Haraka, kwenye msago uko sahihi nusu. Hakuna kisagio kinachotoa chenga tupu. Hata cha meno mazuri hutoa vumbi kidogo kila punje inapopasuka, na vumbi hilo ni jembamba kuliko matundu ya chujio la presi. Ndilo linaloleta tope. Ukisaga chenga nene zaidi unapunguza vumbi, lakini humalizi, na unaanza kupata kahawa nyepesi yenye uchachu kwa sababu maji hayafiki katikati ya chenga.

Mwenye mada, fanya B hivi. Kwa presi ya lita moja usijaze, tengeneza nusu lita kwanza.

Pima gramu 30 za kahawa kwa mililita 500 za maji. Kama huna mizani, ni vijiko vya chakula 6 vilivyosawazishwa, ingawa kijiko hudanganya kwa sababu kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi. Saga wastani kuelekea chenga, yaani kama sukari ya kahawia yenye punje kubwa. Isiwe kama chumvi ya mawe. Suuza presi kwa maji ya moto, mwaga, weka kahawa, kisha mimina maji yote kwa mara moja ukizungusha ili chenga zote zilowe. Anza kuhesabu muda. Usikoroge.

Dakika ya 4 utakuta gamba nene juu. Chukua kijiko, lisukume taratibu mara tatu tu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chenga nyingi zitazama hapohapo, kwa kuwa hewa iliyozielesha imetoka. Kinachobaki ni povu la rangi ya mchanga pamoja na chenga chache. Viengue kwa vijiko viwili na utupe. Sasa acha. Usitikise meza, usichungulie kwa kijiko. Baada ya dakika 5 au 6 weka chujio liguse uso wa kahawa tu, likae hapo, kisha mimina polepole kwa mkondo mwembamba.

Hapo ndipo A na B zinapoachana. Unaposhindilia hadi chini, maji yanalazimika kupanda kupitia chenga zilizokwisha kutulia, na yanapanda na vumbi lake. Unachuja kwa mkono mmoja na kukoroga kwa mwingine. Katika B vumbi limelala chini pamoja na chenga, na hakuna kinacholitibua.

Kitu kimoja watu hukosea hata kwenye B: wanataka tone la mwisho. Gramu 30 za kahawa hunywa karibu mililita 60 za maji, hizo hazirudi. Ukiacha na mililita 40 chini, utamimina kama 400. Hizo 40 ndizo tope lenyewe. Zimwage kwenye maua.

Dele_la_Pwani

Mimi mbona sipati matatizo haya? Nanunua kahawa ya unga dukani, natia kwenye presi na tangawizi na hiliki, nashindilia. Shida yangu ni mpini kugoma tu. Juzi nimeusukuma kwa nguvu, kahawa ikaruka hadi ukutani.

Mkaanga_Kahawa

Ndugu yangu, acha kusukuma kwa nguvu, utapasua kioo ukiwa umeshika maji ya moto. Unga wa dukani umesagwa kwa ajili ya kuchemshwa kwenye dele. Ndani ya presi unaziba matundu ya chujio, maji hayana pa kupita, unasukuma ukuta. Ukikutana na ugumu, vuta mpini juu kidogo, subiri sekunde chache, shuka tena. Kushindilia kwa kawaida huchukua sekunde 15 hadi 20 kwa uzito wa mkono tu. Ukishuka kama kisu kwenye maji, ujue msago ni mnene mno au chujio halijakaa sawa ukingoni.

Kama unga ndio ulionao, upepete kwenye chekecheo la unga wa ngano. Kinachopita weka kwenye dele, kinachobaki juu weka kwenye presi. Tangawizi chemsha na maji kabla ya kumimina, vipande vyake vikiingia chini ya chujio vinaliinua upande mmoja.

Na kwa kweli wewe wa pwani unaijua B tayari. Muuza kahawa chungu hana chujio la kushindilia. Anaacha machicha yatulie ndani ya dele, halafu anainamisha taratibu.

Dele_la_Pwani

Hapo umenipata 😄

Mama_Westlands

Naongezea kuhusu maji, kwa sababu ushauri wa "acha yapoe" unategemea uko wapi. Hapa Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Nikiyaacha yapoe dakika 2 halafu nimimine kwenye kioo baridi, kahawa inatoka chachu na nyepesi. Mimi namimina mara tu birika linapozima. Aliye Dar au Mombasa maji yake yanafika 100, akisubiri nusu dakika si vibaya, hasa kama kahawa imekaangwa hadi kuwa nyeusi inayong'aa mafuta. Hiyo hutoa uchungu haraka. Iliyokaangwa kidogo mimina yakitokota, haiungui. Kahawa ilishapita kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 190 wakati wa kukaangwa, maji hayawezi kuifanya lolote kwa maana ya kuunguza.

Haraka_Asubuhi

Sawa, kuunguza nimeifuta. Lakini uchungu wa dakika 10 bado. Nimeonja presi iliyosahaulika, haikuwa kinywaji.

Mkaanga_Kahawa

Iliyosahaulika baada ya kushindiliwa, au kabla?

Haraka_Asubuhi

Baada. Tulimimina vikombe viwili, kingine kikabaki ndani nusu saa.

Mkaanga_Kahawa

Basi hiyo haiamui mjadala huu. Nusu saa si dakika 10, na kilichobaki chini ya presi ndicho chenye vumbi lote. Kwenye presi maji ni yaleyale, hayabadilishwi kama kwenye kahawa ya kuchujwa kwa karatasi. Dakika za mwanzo yanavuta kwa kasi. Kadiri yanavyojaa na kupoa, kasi inashuka, ndiyo maana tofauti kati ya dakika ya 4 na ya 10 ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini hilo linashika kwa msago wa wastani kwenda juu. Ukisaga kama unga, dakika 10 zitakupa uchungu kweli, na hapo Haraka ana haki yake.

Kwa njia yoyote, ikishakuwa tayari imimine yote. Ya ziada iweke kwenye chupa ya chai, usiiache juu ya machicha.

Fundi_Chujio

Mmesahau chujio lenyewe. Fungua skrubu iliyo mwishoni mwa mpini. Kuna vipande vitatu: bamba lenye matundu au la msalaba chini, wavu katikati, na bamba lenye springi ukingoni juu. Watu wengi wakiosha huvirudisha vibaya, wavu unabaki na mkunjo, tope linapita pembeni. Inua wavu kwenye mwanga. Ukingo wake ukiwa umechanika au nyuzi zimetoka, hakuna njia A wala B itakayokusaidia, nunua mwingine. Na utenganishe vipande kila ukiosha, maana mafuta ya kahawa hujificha kati yake na kuvunda. Kuna watu wanalalamikia uchungu kumbe ni mafuta ya wiki iliyopita.

Kuna njia C pia: tengeneza kwa A au B, halafu pitisha kwenye chujio la karatasi. Tope linaisha kabisa. Karatasi huzuia pia mafuta, na ndani yake kuna kafestoli inayopandisha kolesteroli, kwa hiyo aliyeambiwa na daktari aangalie kolesteroli yake ana sababu ya kuifikiria. Kwangu mimi ladha inapotea, inakuwa kahawa nyingine.

Kikombe_Kimoja

Nimejaribu zote mbili leo, gramu 30 na mililita 500, msago uleule. A: tope la unene wa ukucha hivi chini ya kikombe. B: alama nyembamba tu, na niliacha kiasi ndani ya presi kama mlivyosema. Uchungu wa B sijauona, utamu umeongezeka kidogo. Lakini ilikuwa imepoa. Si baridi, ila mimi napenda ya kunywa kwa kupuliza.

Haraka_Asubuhi

Ndiyo maana nabaki A. Ya moto, nzito mdomoni, na funda la mwisho namwaga. B ni safi, lakini naiona kama imepungukiwa mwili.

Mama_Westlands

Zungushia taulo nene kwenye kioo tangu unapomimina maji, na pasha kikombe. Presi ya chuma yenye kuta mbili ndiyo inayotunza moto zaidi, ila huoni ndani gamba linapozama.

Fundi_Chujio

Au fupisha: vunja gamba dakika ya 4, engua, mimina dakika ya 7. Vumbi zito litakuwa limeshatua, jepesi litapita kidogo.

Mkaanga_Kahawa

Dakika 7 inafaa kwa nusu lita. Kwa lita nzima kina ni kirefu, vumbi lina safari ndefu hadi chini, hapo ningengoja hadi 10. Kuhusu mwili wa kinywaji sibishani na Haraka. Uzito anaousikia ni vumbi na mafuta pamoja, na kuna anayeupenda.

Kikombe_Kimoja

Kesho najaribu ya dakika 7 na taulo. Swali la mwisho: kuna aliyejaribu B kwa robusta ya Bukoba? Ninayo nusu kilo, imekaangwa hadi nyeusi.

Dele_la_Pwani

Hiyo lete kwenye dele.