Barua kwa mkurugenzi: diski mbili za nje au hifadhi ya mtandaoni?

Mjitolea: Habari wakuu. Najitolea kwenye shirika dogo la hisani, na keshokutwa namkabidhi mkurugenzi barua ya utaratibu mpya wa bakapu kila Ijumaa, pamoja na gharama yake. Niandike diski mbili za kupokezana, moja ikilala nje ya ofisi, au hifadhi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi?

Fundi_Diski: Mbona hujasema data ni kiasi gani, na intaneti inapandisha kwa kasi gani?

Mjitolea: Samahani. GB 180, nyingi picha na risiti zilizoskaniwa. Kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde. Diski ni TB 1 kila moja, na amri ya Windows ya kunakili ni hii:

```
robocopy D:\Ofisi E:\Ofisi /MIR
```

Wingu_Tu: Diski huanguka zikafa. Washa usawazishaji wa mtandaoni, kazi imekwisha.

Fundi_Diski: Kuanguka ni kweli. Ila usawazishaji si bakapu: ukifuta hapa, na kule inafutika, na huduma nyingi hutunza vilivyofutwa kwa muda tu. Tena kwa kasi hiyo, kupandisha GB 180 mara ya kwanza ni saa 200, siku 8 usiku na mchana.

Mjitolea, hiyo /MIR ndiyo hatari. Inaifanya diski ifanane na kompyuta, kufuta kukiwemo. Tuseme mhasibu kafuta folda ya risiti Jumanne bila kujua. Ijumaa inafutika kwenye diski A. B bado inayo, lakini Ijumaa ya pili zamu yake inafika, nayo inaifuta. Mna siku 10 tu za kugundua. Tumia folda mpya yenye tarehe kila wiki:

```
robocopy D:\Ofisi E:\2025-03-07 /E /R:1 /W:5 /LOG:E:\log.txt
```

/R:1 na /W:5 usiziache. Bila hizo, faili likiwa limeshikiliwa na programu iliyo wazi robocopy hulijaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Asubuhi utaikuta palepale. Kila diski itabeba nakala 4 kwa nafasi, kwa hiyo mnarudi nyuma wiki 8.

Mama_Hesabu: Kwetu nakala ya uhasibu iligoma kufunguka kwa sababu programu ilikuwa wazi wakati wa kunakili. Halafu, flashi ya GB 32 haitoshi?

Fundi_Diski: Kwa GB 180 haitoshi, mama. Hilo la kufunga programu kwanza liingie kwenye barua. Mjitolea, gharama iandike hivi: diski mbili, malipo ya mara moja, akiba ya diski moja ya kubadilishia, na saa moja ya mtu kila Ijumaa, ikiwemo kufungua faili tatu kutoka kwenye nakala kuhakiki. Hiyo saa ndiyo husahaulika, na ikikosa mwenyewe utaratibu unakufa.

Wingu_Tu: Na diski inayolala nje ya ofisi ikiibiwa na majina ya wanufaika?

Fundi_Diski: Ifungwe kwa BitLocker ya Windows, isisomeke bila nenosiri, ufunguo wa kurejesha uchapishwe na usikae pamoja na diski.

Mjitolea: Akae nao nani? Mkurugenzi husafiri sana.

Mama_Hesabu: Mhasibu.

Wingu_Tu: Huyohuyo aliyefuta folda?