Naomba ushauri: barua kwa saplaya ninayemwomba muda

Wadau hamjambo, nashona yunifomu za mahoteli hapa Mwembe Tayari na saplaya wangu wa vitambaa ananidai 240,000, invoisi tatu zote zimepitisha siku 30, kisa hoteli moja ya Diani imechelewesha malipo yangu. Sitaki kumkwepa mzee wa watu maana amenibeba miaka, nataka nimwandikie barua kabla hajanifungia mali.

Nimeanza kwa kutaja kila invoisi, namba, tarehe na baki, ili daftari lake na langu lisome sawa. Halafu mpango: 60,000 nalipa siku ya barua, zilobaki 45,000 kila mwezi kwa miezi minne, na kitambaa kipya nanunua kwa keshi deni lisipande. Hiyo 45,000 sikuiokota tu, oda nilizonazo zinaniingizia kama 110,000 kwa mwezi, nikitoa mafundi, kodi na kitambaa nabaki na hamsini hivi. Na tarehe ya kulipa nimeiweka wiki moja baada ya siku ya hoteli kulipa, maana cheki huchelewa.

Sasa hapa ndo nataka mnisaidie. Nimeambatanisha kopi za oda na dilivari noti zilosainiwa, kwa sababu oda peke yake bado yaweza kufutwa, mzigo uliopokelewa ndo deni la kweli. Je, nifiche bei za wateja wangu ama akiona nimefuta atashuku? Na nikiandika mpango wote utasitishwa hoteli ikichelewa tena, atakubali kweli, au nimpe cheki za tarehe za mbele?