Nyie mnaotuandikia programu za G96 bila G50, mnataka mtu afe ndiyo mjue?

Wakuu habari zenu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Karakanani kwetu tunakereza flanji za chuma, kipenyo milimita 300, unene 40. Kipande kimoja ni kilo 22 hivi. Programu hatuandiki sisi, bosi ameingia mkataba na mtu wa nje, anakaa na laptopu yake huko na kututumia faili. Mashine ina kontrola ya Fanuc, spindo inafika mizunguko 3000 kwa dakika. Sehemu ya kupiga fesi aliiandika hivi:

```
T0101
G96 S200 M03
G00 X305. Z0.
G01 X-1.6 F0.2
```

Tazameni. Hakuna G50 popote, yaani hakuna kikomo cha mizunguko. Kaiambia mashine ishike mita 200 kwa dakika kwenye ncha ya kisu, halafu kisu akakipeleka mpaka kupita katikati. Kisu kikiwa nje kabisa spindo inazunguka 210 hivi, imetulia. Kikifika kipenyo cha 100 inakuwa 640. Kwenye 50 ni 1270. Kwenye 20 hesabu inataka 3180. Kila kipenyo kikipungua nusu, mizunguko inakuwa maradufu, na katikati kabisa hesabu haina mwisho. Mashine inakimbia mpaka mwisho wa uwezo wake.

Juzi usiku kijana wa zamu kafunga flanji kwenye taya laini, zimeshika milimita 12 tu, akabonyeza kuanza. Anasema alisikia mlio unapanda kama unaotaka kupasuka, kabla mkono haujafika kwenye kitufe chekundu kipande kikatoka. Kimepiga mlango, kioo kimepasuka, bati limebonyea kwa ndani. Yeye alikuwa upande wa paneli, Mungu kamnusuru.

Asubuhi nilikichukua kile kipande nikakipima. Mistari ya kisu inaishia kwenye duara la kama milimita 36. Piga hesabu, hapo spindo ilikuwa inakaribia 1770. Ukingo wa flanji ulikuwa unakwenda mita 28 kwa sekunde. Na chaki yetu usoni imepigwa muhuri wa 2000! Maana yake hata huo muhuri haukufikiwa.

Kilichonichoma zaidi ni jibu la mwandishi wa programu. Eti "mashine ina kikomo chake kwenye parameta, inajilinda yenyewe." Inajilinda yenyewe, ndiyo! Inalinda beringi zake na mota yake. Haijui nimefunga chaki gani, taya zina urefu gani, wala kipande kimeshikwa kwa milimita ngapi. Hayo anayajua binadamu, na anaiambia mashine kwa mstari mmoja tu. Mstari mmoja!

Na eti anadai programu hiyohiyo ilikuwa inafanya kazi vizuri, kwa hiyo kosa ni la kijana. Nimefuatilia. Kazi iliyotangulia kwenye mashine ile niliiandika mwenyewe na ilikuwa na G50 S1000. Kikomo changu kilibaki kwenye kumbukumbu ya mashine, flanji zake zikawa zinalindwa na kazi yangu bila yeye kujua. Jioni ile umeme ukakatika. Mashine ilipowashwa upya kikomo kikawa kimefutika. Flanji ya kwanza baada ya umeme kurudi ndiyo iliyoruka.

Nataka kusikia kutoka kwenu: ni mimi tu nakataa kupokea programu ya namna hii, au?

---

Kisu_Kikali: Pole sana mkuu, na umpe pole kijana. Ila mimi G96 nimeachana nayo zamani. Weka G97 S400, mizunguko ibaki ileile, piga fesi yako, lala usingizi.

Tana_Mzee: Kisu_Kikali, kwa kipande kidogo nakubaliana na wewe. Lakini kwa 300 hiyo 400 yako inakupa mita 377 kwa dakika pale nje, insati itaungua kabla hujafika popote. Na ukifika kipenyo cha 20 umebaki na mita 25, uso unachanika. G96 haina kosa, ila usiiache bila kamba. Ukiweka G50 S1200, spindo itapanda mpaka kisu kifike milimita 53, kisha itabaki hapohapo 1200. Kuanzia hapo kasi ya ukataji inashuka, na katikati utaona uso umefifia kidogo. Huo mfifio ukubali.

Mwenye uzi, kuhusu 1770 na muhuri wa 2000: muhuri ule ni wa chaki yenye taya zake za kawaida na presha kamili ya kubana. Ukiweka taya laini ndefu na nzito, uzito wao unavutwa nje na mzunguko. Toka 600 kwenda 1800 ni mara tatu, lakini mvuto ule unakuwa mara tisa. Na wewe umebana kwa nje, kwa hiyo kila taya inavyovutwa nje ndivyo inavyoachia. Mngekuwa mmebana kwa ndani ya tundu, mvuto uleule ungeongeza mshiko.

Mama_Mikroni: Hapa kwetu ukipiga fesi panabaki kichuguu katikati, hata nikishusha kikomo hakiondoki. Nipandishe?

Tana_Mzee: Dada, usipandishe. Hicho ni kimo cha kisu, hakijalingana na katikati ya spindo. Rekebisha kimo kwanza.

Jembe_Jipya: Mimi nimeandika G50 S1500 mashine ikagoma. Sasa nyie mnasema G50 ndiyo dawa?

Tana_Mzee: Kontrola yako ni ya nani? Kuna Fanuc zilizopangwa mfumo mwingine wa kodi, huko kikomo ni G92 S1500. Siemens ni `LIMS=1500`. LinuxCNC unaandika palepale, `G96 D1500 S200`. Soma kitabu cha mashine yako. Na jambo la hatari: hiyo G50 iandike mstari wake peke yake. Ukichanganya na X au Z kwenye mstari huohuo, umehamisha sifuri ya kazi.

Mwenye uzi: Ahsante Tana_Mzee, hapo kwenye taya umenifungua macho. Kuanzia sasa kila faili likija natafuta G96 kwanza, na kama juu yake hakuna kikomo linarudi lilikotoka. Na flanji zenye tundu katikati tutazitoboa kwanza, kisu kiishie kwenye ukingo wa tundu, tusiende kutafuta sifuri bure. Lakini nauliza: kwa taya laini zile, 1200 inatosha kweli, au bado ni kubwa?

Kisu_Kikali: Sisi tunachukua nusu ya muhuri. Kwako ni 1000.

Tana_Mzee: Nusu ni desturi, hesabu haijafanyika. Kwa mshiko wa milimita 12 hata 1000 mimi singeisaini bila kupima nguvu ya taya kwa geji, spindo ikiwa inazunguka. Geji mnayo?

Mwenye uzi: Hatuna. Bosi anasema ni ghali.

Tana_Mzee: Basi chonga taya upya zishike 25, anza na 800, na hiyo programu isiguse mashine mpaka mwandishi wake aje asimame karibu na mlango uleule.