Tangazo la wateja WhatsApp limekuwa refu, nikate wapi?

Mama Mitungi: Wakuu, nauza gesi Tabata na kupeleka majumbani. Kuanzia Jumatatu mtungi wa kilo 15 unapanda kutoka 56,000 hadi 58,000, mwisho wa kupeleka ni saa 1 usiku badala ya saa 3, na Lipa Namba inabadilika. Nimeandika aya nne: salamu, shukrani, hali ya soko, ndipo hayo. Niliowajaribishia wote wanauliza "sasa bei gani?" na bei imo humo humo!

Karani wa Soko: Hawajaifikia. Kabla ya kufungua, mteja anaona maneno machache ya mwanzo tu, na kwako hayo ni salamu. Akifungua, ujumbe mrefu umekatwa, kuna "Soma zaidi" ambayo wengi hawaigusi. Kwa hiyo salamu iwe neno moja, hali ya soko iondoke kabisa, anayeitaka atauliza. Jaribu hivi:

```
Habari, *gesi kilo 15 ni 58,000* kuanzia Jumatatu tarehe 9 (sasa 56,000).

*Kupeleka:* mwisho saa 1 usiku
*Malipo:* Lipa Namba mpya inafuata
```

Bei mpya itangulie, maana anayepitisha jicho hushika bei ya kwanza. Tarehe usiiache, kuna watakaousoma Jumanne. Nyota zigusane na neno. Ukiacha nafasi, hakuna wino mzito, zinabaki nyota tu.

Bango Safi: Maneno ya nini? Tengeneza picha moja yenye rangi, kila mtu ataiona.

Karani wa Soko: Bango linafaa ukiwa na bei za mitungi mingi. Ila asiye na bando la kutosha haifungui, na Lipa Namba iliyo kwenye picha atainakili vipi? Ndiyo maana nimeitenga: itume ujumbe wa pili, tarakimu peke yake, kwa sababu akibonyeza na kunakili anabeba ujumbe mzima.

Shangazi Vitenge: Wangu ni mfupi lakini kwenye orodha ya watu 200 nusu hawaupati. Niufupishe zaidi?

Karani wa Soko: Hapana dada, huo si urefu. Orodha ya matangazo inafikisha kwa waliohifadhi namba yako tu, na mwisho ni watu 256. Bonyeza ujumbe, fungua taarifa zake, utaona umewafikia nani. Waombe hao wengine wakuhifadhi.

Mzee wa Tillu: Mimi hiyo Lipa Namba nisingeichanganya na bei hata kidogo. "Namba mpya ya malipo" ndiyo lugha ya matapeli. Itume siku nyingine, na utaje jina la biashara litakalotokea kabla hajaweka namba ya siri.

Karani wa Soko: Jina, sawa kabisa, liongezwe kwenye mstari wa malipo. Siku nyingine sikubaliani: atakayenunua Jumatatu atalipa namba ya zamani.

Mzee wa Tillu: Basi asiifunge ya zamani wiki ya kwanza.

Mama Mitungi: Ya zamani inafungwa Jumapili, si mimi niliyeamua.