PowerWash au Stardew kwa mwenye hasira za karibu?

pedi_ya_tatu: Wakuu, nimepasua pedi ya pili mwaka huu. Nafungwa dakika za nyongeza, natupa, nazima. Nikiwasha tena nina hasira kuliko mwanzo. Nataka gemu la nusu saa nikishafungwa. Hela yangu ni ya moja tu: PowerWash Simulator au Stardew Valley?

bi_shamba: Stardew. Unalima, unamwagilia, kuku wanakusubiri. Hakuna mpinzani, hasira itoke wapi?

wa_bando: Tatizo ni mtandao wako, ndugu. Badili laini, hasira zitaisha.

pedi_ya_tatu: Mtandao gani? Nacheza na mdogo wangu sebuleni.

fundi_koni: Bi shamba, kukosa mpinzani hakutoshi. Mtu wa hivi muulize: ukikosea gemu linakunyang'anya nini, na ukizima katikati je? Stardew kwenye koni inahifadhi ukilala tu. Siku inaanza saa 12 asubuhi, na ikifika saa 8 usiku hujalala, unazimia na pesa zinapungua. Dakika 10 za mle ni kama sekunde 7 zetu. Sasa huyu katoka kufungwa, anaenda kuvua. Samaki anaruka juu, anashuka, kile kipande cha kijani kinamponyoka, mara ya tatu anazima kwa hasira. Akirudi, siku nzima haipo, hata mazao aliyomwagilia anaanza upya. Hapo si kapata sababu ya kupasua ya tatu?

PowerWash haina saa inayokimbiza, na uchafu ulioutoa haurudi. Kazi ya kwanza ni kuosha gari lako mwenyewe. Sehemu ikitakata inamulika, inalia ting. Ukichoka mlango uko nusu, zima. Kesho unaukuta hivyo hivyo. Ila Challenge usiiguse, mle wanakubana muda au maji.

bi_shamba: Si lazima avue! Akitaka sana, kwa Willy, muuza vifaa vya uvuvi mle, kuna fimbo ya Training Rod ya 25 tu, kile kipande kinakuwa kirefu. Samaki wake ni wa kawaida, lakini anakamata. Na kuosha ukuta nusu saa mimi ningelala.

fundi_koni: Akilala si ndiyo kapoa?

juma_wa_simu: Sisi wa simu je? Mimi natumia Alto's Odyssey, Zen Mode. Hakuna pointi wala sarafu, ukianguka unaendelea kuteleza.

pedi_ya_tatu: Nimechukua PowerWash. Jana nimepigwa 4–1, nikaosha lile gari. Nilipoa kweli, mpaka ikabaki tairi moja haitaki kulia ting. Nimeizunguka dakika kumi, nimebonyeza ile ya kumulika uchafu, sioni kitu.

fundi_koni: Lala chini utazame kwa ndani. Tairi ina upande wa pili.

pedi_ya_tatu: Kumbe. Dogo ananicheka hapa, eti atie mpira tena.

bi_shamba: Usikubali!